Uwezekano wa Kaya Moja Kuingia Katika Sampuli

Sampuli nasibu rahisi haitambuliki kwa kuitazama. Majina ya kaya tatu yaliyoandikwa kwenye karatasi yanaweza kuwa yametoka kwenye kura ya haki, au yametokana na mapenzi ya aliyeshika kalamu, na karatasi haitasema ni lipi kati ya hayo mawili. Kinachoifanya sampuli iwe nasibu ni njia iliyotumika kuipata: kila sampuli ya ukubwa uleule ambayo ingeweza kutokea lazima iwe ilipewa nafasi sawa ya kutokea. Kwa hiyo anayetaka kujua nafasi ya kaya moja kuchaguliwa hana budi kuanza kwa kuhesabu sampuli zote zinazowezekana, ile iliyotokea pamoja na zile ambazo hazikutokea.

Kuhesabu huko kunaeleweka vizuri zaidi kwa mkono kabla ya kufika kwenye kanuni. Tuseme zipo kaya tano, A, B, C, D na E, na mtafiti wa huduma ya maji anataka kutembelea mbili. Sampuli zinazowezekana ni hizi: AB, AC, AD, AE, BC, BD, BE, CD, CE na DE. Utaratibu wa kuziandika una faida yake. A imeanza ikaunganishwa na kila kaya inayoifuata, kisha B ikafuata na zilizo mbele yake tu, vivyo hivyo mpaka mwisho, hivyo hakuna jozi iliyosahauliwa wala iliyoandikwa mara mbili. BA haimo kwa sababu ni sampuli ileile ya AB: mtafiti atagonga milango ileile miwili, na mlango upi ulitajwa kwanza haubadilishi majibu atakayopata.

Sampuli ni kumi. Kaya A imo katika nne kati ya hizo, yaani AB, AC, AD na AE. Ikiwa kila sampuli ina nafasi moja katika kumi ya kutokea, A ina nafasi nne katika kumi ya kutembelewa. Anayeanza afanye hesabu hiyohiyo kwa D, akifuatisha herufi kwa kidole: AD, BD, CD, DE. Nazo ni nne. Herufi yoyote itatoa nne, na nne kwa kumi ni sawa na mbili kwa tano, yaani idadi ya kaya zinazochaguliwa ikigawanywa kwa idadi ya kaya zote. Kiasi hiki ndicho kinachoitwa uwezekano wa kujumuishwa, na katika vitabu vya takwimu huandikwa n/N, ambapo N ni idadi ya kaya zote katika orodha na n ni idadi ya zinazochaguliwa.

Orodha ikikua, kuandika jozi zote hakuwezekani tena, na hapo ndipo michanganyiko inapohitajika. Zichukuliwe kaya 12 za kitongoji kimoja, zimepangwa kando ya barabara na kupewa namba 1 hadi 12, na tatu zinatakiwa. Kaya ya kwanza kutajwa inaweza kuwa yoyote kati ya 12, ya pili yoyote kati ya 11 zilizobaki, ya tatu yoyote kati ya 10. Hiyo inatoa 12 × 11 × 10, yaani njia 1,320. Lakini idadi hii imehesabu mpangilio, na mpangilio hauna kazi hapa. Kaya 2, 7 na 11 zimehesabiwa kama 2-7-11, 2-11-7, 7-2-11, 7-11-2, 11-2-7 na 11-7-2, mara sita kwa sampuli moja. Kila sampuli ya kaya tatu imehesabiwa mara sita, kwa kuwa vitu vitatu hupangika kwa njia 3 × 2 × 1. Basi 1,320 ikigawanywa kwa 6 inatoa 220. Hizo ndizo sampuli zote zinazowezekana, na idadi yake huandikwa C(12, 3).

Kanuni ya jumla ni C(N, n) = N! / (n! × (N − n)!), ambapo alama ya mshangao ina maana ya kuzidisha namba hiyo na zote zilizo chini yake hadi 1. Anayeanza asiikariri kabla ya kuona inatoka wapi. Ni kitendo kilekile cha hatua mbili: kuhesabu mipangilio yote, kisha kugawanya kwa idadi ya mara ambazo kila sampuli imejirudia. Aliyekielewa kitendo hiki ataweza kuijenga kanuni upya hata akiisahau.

Sasa irudiwe kaya moja, tuseme namba 7. Imo katika sampuli ngapi kati ya 220? Hapa hakuna haja ya kuziandika. Namba 7 iwekwe kwanza ndani ya sampuli na iachwe hapo. Zimebaki nafasi mbili za kujazwa, na kaya 11 za kuzijazia. Idadi ya njia ni C(11, 2), yaani 11 × 10 ÷ 2, ambayo ni 55. Kwa hiyo kaya namba 7 imo katika sampuli 55 kati ya 220, na uwezekano wake wa kujumuishwa ni 55/220, yaani robo kamili. Tatu kwa 12 nayo ni robo. Kanuni n/N imetoka tena, safari hii bila kuhesabu kwa kidole, na njia hiyohiyo ya kushika kaya moja kisha kuhesabu namna za kujaza nafasi zilizobaki ndiyo uthibitisho wake kwa N na n zozote: C(N − 1, n − 1) ikigawanywa kwa C(N, n) hukatana mpaka ikabaki n/N.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha haya kwa muda mfupi. Katika Excel, `=COMBIN(12,3)` hutoa 220. Katika programu ya R amri ni hizi:

```
choose(12, 3)
s <- combn(12, 3)
sum(s == 7)
sample(1:12, 3)
```

Ya kwanza inatoa idadi ya sampuli, ya pili inaziunda zote 220, ya tatu inahesabu zile zenye kaya namba 7 na kutoa 55, na ya mwisho ndiyo inayopiga kura yenyewe.

Kosa moja huwapata wengi wanaoanza, nalo linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu linaonekana kuwa na mantiki. Mtu hufikiri hivi: katika kura ya kwanza kaya namba 7 ina nafasi 1/12, ikikosa, katika ya pili zimebaki 11, hivyo nafasi ni 1/11, ikikosa tena, katika ya tatu ni 1/10. Kisha anajumlisha 1/12 + 1/11 + 1/10 na kupata karibu 0.274, zaidi ya robo. Kilichosahaulika ni kwamba 1/11 ni nafasi ya kaya ambayo tayari imekosa kura ya kwanza. Kukosa huko nako kuna uwezekano wake, 11/12, na lazima uzidishwe ndani. Nafasi ya namba 7 kutoka katika kura ya pili hasa ni 11/12 × 1/11, ambayo ni 1/12. Katika ya tatu ni 11/12 × 10/11 × 1/10, nayo ni 1/12. Kila kura inaipa kila kaya nafasi ileile, na zikijumlishwa tatu zinatoa 3/12.

Ipo njia rahisi ya kuligundua kosa hilo hata kwa asiyejua lilipotokea. Uwezekano wa kujumuishwa wa kaya zote ukijumlishwa lazima utoe n, kwa sababu kila sampuli ina kaya n, si zaidi wala pungufu. Robo mara 12 ni 3, sawasawa. Lakini 0.274 mara 12 ni karibu 3.29, na hakuna sampuli ya kaya tatu inayoweza kuwa na kaya 3.29 kwa wastani. Jumla isipolingana na n, kuna kasoro katika hesabu au katika njia ya uchaguzi.

Hesabu hizi zote zinachukulia kwamba karatasi ya kaya ikishatoka kwenye chombo cha kura hairudishwi. Ikirudishwa baada ya kila kura, kaya moja inaweza kutoka mara mbili au tatu, na uwezekano wa kutoka walau mara moja unahesabiwa kwa kuanzia upande wa kukosa: kukosa mara tatu mfululizo ni 11/12 × 11/12 × 11/12, karibu 0.770, hivyo kuingia ni karibu 0.230. Umepungua chini ya robo kwa sababu baadhi ya kura zimepotea kwa kaya iliyokwisha kuchaguliwa. Katika tafiti za kaya karibu hakuna sababu ya kurudisha.

Kura yenyewe inahitaji uangalifu ambao hesabu haiwezi kuutoa. Vipande vya karatasi viwe na ukubwa na mkunjo mmoja, na vichanganywe kwa muda wa kutosha. Mwaka 1969 Marekani ilipiga kura ya tarehe za kuzaliwa ili kupanga utaratibu wa kuwaita vijana jeshini. Vidonge 366 vya plastiki vilitiwa kwenye chombo mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha, na matokeo yakawa kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walielekea kupata namba za mwanzo, zilizoitwa kwanza. Kila tarehe ilikuwa na kidonge chake, lakini nafasi hazikuwa sawa.

Linafuata jambo ambalo maelezo mengi ya utangulizi huliruka, ingawa ndilo linalofafanua hasa sampuli nasibu rahisi ni nini. Kila kaya kuwa na nafasi sawa hakutoshi. Katika barabara ileile ya kaya 12, mtafiti wa pili anaamua kuchagua namba moja kwa kura kati ya 1 na 4, kisha kuruka nne nne. Akipata 1 atatembelea 1, 5 na 9. Akipata 2 atatembelea 2, 6 na 10. Akipata 3 ni 3, 7 na 11. Akipata 4 ni 4, 8 na 12. Kila kaya imo katika moja tu ya sampuli hizo nne, hivyo uwezekano wake ni robo, sawa kabisa na ule wa sampuli nasibu rahisi. Mtafiti wa tatu anaigawa barabara katika vipande vitatu vya kaya nne nne na kupiga kura ya kaya moja katika kila kipande. Kila kaya ina robo tena. Lakini sampuli zinazowezekana kwa mtafiti wa kwanza, aliyechagua kwa sampuli nasibu rahisi, ni 220, kwa wa tatu ni 4 × 4 × 4, yaani 64, na kwa wa pili ni nne tu.

Tofauti hiyo inaonekana mara kaya zinapotazamwa mbili mbili. Katika sampuli nasibu rahisi, kaya 1 na kaya 2 zinaweza kuingia pamoja: zikishikwa zote mbili imebaki nafasi moja na kaya 10 za kuijaza, hivyo zimo pamoja katika sampuli 10 kati ya 220, sawa na 1/22. Kwa watafiti wengine wawili, kaya 1 na 2 haziwezi kukutana kamwe. Nafasi ya kaya moja moja haionyeshi lolote kuhusu hilo.

Madhara yake si ya nadharia tu. Tuseme bomba limepita barabarani na lina vituo vya kuchotea mbele ya kaya 4, 8 na 12. Ukweli ni kwamba robo ya kaya ziko karibu na maji. Anayeruka nne nne atapata ama kaya tatu zote zilizo kwenye vituo, au asipate hata moja. Nafasi ya kupata tatu zote ni moja katika nne, ilhali katika sampuli nasibu rahisi ni sampuli moja tu kati ya 220 iliyo hivyo. Nafasi ya kutopata hata moja kwake ni tatu katika nne. Katika sampuli nasibu rahisi ni C(9, 3), yaani 84, kati ya 220, karibu asilimia 38. Tena kuna baya zaidi: kwa vyovyote vile kaya zake tatu zitafanana kabisa katika jambo hili. Ukubwa wa kosa hukadiriwa kwa kutazama jinsi kaya za sampuli zinavyotofautiana, na kwake hakuna tofauti yoyote, hivyo ataamini kwamba makadirio yake hayana shaka, na kumbe yamekosea mbali. Kuruka kwa hatua sawa si njia mbaya, na orodha isiyo na mzunguko wa namna hii haileti tatizo hilo. Kinachopaswa kuepukwa ni kuiita sampuli nasibu rahisi na kutumia kanuni zake kwa sababu tu kila kaya ilikuwa na nafasi sawa.

Katika kijiji kizima namba hukua haraka. Kijiji cha kaya 240 kina sampuli 28,680 za kaya mbili, na za kaya tatu ni 2,275,280. Mtafiti akichagua kaya 30, idadi ya sampuli zinazowezekana ina tarakimu 39. Hakuna atakayeziandika, wala hakuna haja. Kwa kuwa kukatana kwa C(239, 29) na C(240, 30) kunaacha 30/240, uwezekano wa kila kaya ni moja katika nane, asilimia 12.5, na hesabu hiyo inafanyika kichwani.

Moja kwa nane ikigeuzwa inakuwa nane, na namba hiyo, yaani uzito wa kaya, ndiyo inayobeba matokeo kutoka kwenye sampuli kwenda kijiji kizima. Kila kaya iliyotembelewa inasimama badala ya kaya nane. Ikiwa kaya 11 kati ya 30 zinachota maji kisimani, makadirio ni kwamba kaya 88 za kijiji zinafanya hivyo. Uwezekano wa kujumuishwa ukihesabiwa vibaya, uzito huu nao unaharibika, na kila jumla inayotokana nao.

Kwa kweli katika kazi ya uwandani kasoro hutoka kwenye orodha mara nyingi kuliko kwenye hesabu. Kaya iliyohamia baada ya rejesta ya kijiji kuandikwa haina nafasi ya moja kwa nane. Nafasi yake ni sifuri, na hakuna uzito unaoweza kuifidia. Kaya iliyoandikwa mara mbili, labda kwa jina la mume na tena kwa jina la mke, ina mistari miwili katika orodha ya mistari 240. Kila mstari una moja kwa nane, hivyo jumla ingekuwa robo, lakini hapo zimehesabiwa mara mbili zile sampuli ambazo mistari yote miwili imetoka. Uwezekano wa mistari miwili kutoka pamoja ni 30 × 29 kugawanywa kwa 240 × 239, karibu 0.015. Ukitolewa kwenye robo unabaki karibu asilimia 23.5, badala ya 12.5. Dawa ni kupitia orodha pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kura, kufuta marudio na kuongeza waliosahaulika, kisha kuzipa namba upya. Kurekebisha baada ya kura ni kugumu zaidi.

Kasoro hiyohiyo huingia kwa mlango mwingine pale mdodosaji anapokuta mlango umefungwa na kuhamia nyumba ya jirani. Kaya namba 57 haipo mchana, basi anahojiwa mwenye namba 58. Kwa utaratibu huo, 58 inaingia ikichaguliwa yenyewe, na inaingia pia 57 ikichaguliwa. Ni kama imeandikwa mara mbili, na nafasi yake imepanda kufikia asilimia 23.5 ileile, wakati mdodosaji bado anaipa uzito wa nane. Upande wa pili, kaya ambayo watu wake wanashinda shambani au sokoni haiwezi kusikika hata ikichaguliwa, na kaya za namna hiyo huenda ndizo zenye habari tofauti kuhusu maji. Mdodosaji arudi jioni au siku nyingine, na asipowapata kabisa aandike kwamba kaya hiyo ilichaguliwa na haikujibu. Ikijulikana mapema kwamba baadhi hazitapatikana, kura ipigwe tangu mwanzo kwa kaya zaidi, tuseme 36 badala ya 30, na zote 36 zifuatwe kwa bidii ileile. Uwezekano wa kujumuishwa unakuwa 36/240, na idadi ya zisizojibu inaripotiwa pamoja na matokeo ili msomaji aone ni sehemu gani ya sampuli iliyobaki bila sauti.